Ukishatuma takwimu yenye kosa: andika namba sahihi, kisha useme kinachobadilika

*Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mhasibu msaidizi kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Jana jioni nilituma kwa barua pepe ripoti ya mauzo ya Machi: jumla Sh 214,300,000, lengo likiwa Sh 190,000,000. Leo asubuhi nimegundua Geita imehesabiwa mara mbili, sahihi ni Sh 176,500,000. Ripoti ilikwenda kwa mkurugenzi, mhasibu mkuu, meneja mauzo na wakuu wa matawi. Mkurugenzi ameshaipeleka benki, na meneja mauzo ameshawatangazia vijana bonasi. Nimejaribu kuirudisha kwa Recall ya Outlook, sijui kama imekubali. Nitume tu faili jipya kimyakimya au niandike? Na nikiandika niseme nini bila kujiharibia?*

Marahaba. Achana na Recall. Inaweza kukubali kwa walio ndani ya mfumo mmoja wa barua wa kampuni yenu, lakini barua iliyokwisha kwenda benki haiigusi, wala picha ambayo mtu ameshaipiga kwenye skrini na kuirusha kwenye grupu la WhatsApp. Tena mara nyingine mpokeaji huletewa taarifa kwamba fulani anataka kuirudisha barua yake, na mtu aliyekuwa hana haraka ya kuisoma anaifungua papo hapo.

Kutuma faili jipya kimyakimya ndiyo njia mbaya kuliko zote. Kufikia saa sita mchana kutakuwa na ripoti mbili za Machi zenye sahihi yako, na hakuna anayejua ipi ni ipi. Mkurugenzi atasoma moja kikaoni, meneja mauzo nyingine, na kosa lako la kujumlisha litageuka ugomvi wa watu wawili ambao hawakukosea chochote. Kwa hiyo utaandika, na utaandika leo. Lakini kabla ya kuandika kuna kazi ya kama nusu saa ambayo wengi huiruka kwa sababu ya hofu.

Kazi hiyo ni kuhakikisha kwamba hiyo 176,500,000 nayo ni sahihi. Barua ya masahihisho hutumwa mara moja. Ukilazimika kutuma masahihisho ya masahihisho, kuanzia hapo hata namba zako zilizo sawa zitaanza kukaguliwa na kila mtu. Anza na tofauti yenyewe: 214,300,000 ukitoa 176,500,000 unabaki na 37,800,000, na hiyo ndiyo jumla ya Geita hasa, bila shilingi kuzidi wala kupungua. Tofauti ikilingana kabisa na mstari mmoja wa jedwali, karibu kila mara mstari huo umeingia mara mbili au umerukwa.

Wahasibu wana kipimo kingine cha zamani: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, huenda tarakimu mbili zimepinduliwa, mfano 84 ikaandikwa 48. Angalia sasa, 37,800,000 nayo inagawanyika kwa 9. Ungekifuata kipimo hicho peke yake ungekaa asubuhi nzima unatafuta tarakimu zilizopinduliwa ambazo hazipo. Kipimo kinaonyesha pa kuanzia tu. Kinachothibitisha ni kuliona kosa lenyewe kwa macho ndani ya faili.

Nakisia kosa lako liko hivi, kwa sababu nimeliona kwenye majedwali ya kampuni nyingi zenye matawi. Geita mna maduka mawili, tuseme Geita mjini na Katoro, kwa hiyo aliyetengeneza jedwali aliweka mstari wa jumla ndogo chini yake. Mwanza na Bukoba hazina jumla ndogo kwa sababu kila moja ni duka moja. Safu ya C ikawa hivi:

```
C2  Mwanza              92,400,000
C3  Geita mjini         22,500,000
C4  Katoro              15,300,000
C5  Jumla ndogo Geita   37,800,000
C6  Bukoba              46,300,000
C7  =SUM(C2:C6)        214,300,000
```

SUM haijui kwamba C5 ni jumla ya C3 na C4. Inameza kila kilichomo. Dawa ni kutumia SUBTOTAL sehemu zote mbili, kwa sababu SUBTOTAL ya juu huziruka SUBTOTAL zilizo ndani yake:

```
C5  =SUBTOTAL(9,C3:C4)
C7  =SUBTOTAL(9,C2:C6)
```

Hapo C7 itakupa 176,500,000. Hiyo 9 ya ndani ya mabano haina uhusiano na kipimo cha kugawanya nilichokitaja. Ni namba ya kuiambia Excel ijumlishe. Jihadhari na jambo moja: SUBTOTAL huacha nje mistari iliyofichwa na kichujio, kwa hiyo ondoa vichujio vyote kabla ya kunakili jumla.

Baada ya hapo pita njia ya pili isiyotegemea jedwali hilo. Chukua ripoti za Z za mashine za EFD za kila duka kwa mwezi mzima, au mauzo ya Machi kutoka kwenye mfumo wenu wa uhasibu, ujumlishe upya. Ripoti ya Z inaonyesha mauzo bila VAT na mauzo pamoja na VAT, na hapo ndipo wengi huzaa kosa la pili. Soma mstari uleule unaotumika kwenye ripoti yenu ya kila mwezi. Njia mbili zikikutana kwenye 176,500,000, namba unayo. Zisipokutana, usitume bado. Mwambie mhasibu mkuu kwamba jumla ya jana ina kosa, isitumike, na kwamba sahihi inakuja saa fulani. Kusema hivyo bila namba mpya ni bora kuliko kubahatisha.

Sasa tafuta watoto wa ile namba. Takwimu yenye kosa haikai peke yake, huzaa nyingine, na watu wengi hukumbuka zile za pili kuliko ya kwanza. Fungua barua ya jana uisome tangu mwanzo ukiwa na kalamu. Bila shaka uliandika kwamba lengo limepitwa kwa Sh 24,300,000. Sasa tumepungukiwa na lengo kwa Sh 13,500,000. Kama Februari mliuza Sh 168,000,000, jana ulisema mauzo yamekua kwa asilimia 27.6, na ukweli ni asilimia 5.1. Jumla ya robo mwaka nayo, kama uliiweka, ina ile 37,800,000 ndani yake. Zote hizi zinaondoka pamoja. Ukirekebisha jumla ukaiacha asilimia 27.6 kwenye aya ya tatu, hiyo asilimia ndiyo itakayosomwa kikaoni.

Namba zikishakamilika, piga simu mbili kabla ya kutuma chochote. Ya kwanza ni kwa mhasibu mkuu, kwa sababu ndiye bosi wako na hafai kulisikia jambo hili kwa kuliona kwenye barua pamoja na wakuu wa matawi. Pengine atasema atampigia mkurugenzi mwenyewe, mwachie. Asiposema hivyo, simu ya pili ni yako: "Shikamoo mkurugenzi. Jumla ya mauzo ya Machi niliyotuma jana ina kosa. Sahihi ni milioni 176.5, si 214.3, kwa hiyo lengo halijafikiwa. Najua ripoti imekwenda benki, nimekuandalia ya kuwapelekea." Kisha nyamaza umsikilize. Usianze kueleza habari za jumla ndogo kwenye simu. Akitaka kujua sababu atauliza.

Barua yenyewe ifuate ndani ya nusu saa. Iandike namna hii, ubadilishe pale ambapo mambo yenu ni tofauti:

> Kichwa: MASAHIHISHO: Mauzo ya Machi ni Sh 176,500,000, si Sh 214,300,000
>
> Ndugu wote, habari za asubuhi.
>
> Jumla ya mauzo ya Machi niliyowatumia jana jioni ina kosa. Jumla sahihi ni Sh 176,500,000. Niliandika Sh 214,300,000, yaani nilizidisha kwa Sh 37,800,000.
>
> Kinachobadilika: lengo la Machi (Sh 190,000,000) halijafikiwa, tumepungukiwa na Sh 13,500,000. Ukuaji kutoka Februari ni asilimia 5.1, si 27.6. Malipo yoyote yanayotegemea kufikia lengo, ikiwemo bonasi ya mauzo, yasubiri maelekezo ya mkurugenzi.
>
> Kisichobadilika: mauzo ya kila duka kama yalivyoorodheshwa jana ni sahihi. Hesabu za VAT haziguswi, kwa kuwa zinatoka kwenye mfumo na ripoti za Z, si kwenye jedwali hili.
>
> Sababu: jumla ndogo ya Geita ilijumlishwa pamoja na maduka yake mawili. Nimerekebisha fomula na kulinganisha jumla mpya na ripoti za Z za maduka yote manne.
>
> Tafadhali tumieni faili lililoambatishwa, Mauzo_Machi_SAHIHI.xlsx, na msitumie la jana. Samahani kwa kosa hili.

Nieleze kwa nini imekaa hivyo, maana ukiielewa utaiandika mwenyewe siku nyingine kwa namba nyingine.

Kichwa kina namba zote mbili kwa sababu mkuu wa tawi la Bukoba ataona kichwa tu kwenye simu yake akiwa dukani, na huenda asiifungue barua mpaka usiku. Kichwa kinachosema "Ripoti ya mauzo – mpya" au "Marekebisho madogo" kinamwambia kwamba hakuna haraka. Namba ya zamani lazima iwepo, ila itanguliwe na sahihi. Ukiandika sahihi peke yake, msomaji hajui anasahihisha nini. Ukianza na ile ya makosa, mwenye haraka anaishika hiyo anaondoka nayo.

Sehemu ya "kinachobadilika" ndiyo barua yenyewe. Mkurugenzi akiona milioni 176.5 badala ya 214.3 bado hajajua afanye nini. Itabidi akumbuke lengo lilikuwa ngapi, atoe, akumbuke ameahidi nini na kwa nani. Hesabu hiyo ifanye wewe, uiandike kwa maneno makavu: halijafikiwa, tumepungukiwa. Najua mkono utavutwa kuandika "takwimu zimeshuka kidogo ikilinganishwa na taarifa ya awali". Mauzo hayakushuka. Yalikuwa hivyo tangu tarehe 31 Machi, kilichokosewa ni taarifa. Na tofauti iliyowatoa juu ya lengo ikawaweka chini yake haiitwi kidogo, hata ingekuwa milioni moja.

Kuhusu bonasi, angalia nilipoishia. Sikuandika kwamba bonasi imefutwa, kwa sababu hilo si lako wala langu. Mkurugenzi anaweza kuamua kulipa hata hivyo, kwa kuwa ahadi imeshatoka, au kuisukuma Aprili. Kazi yako ni kusema kwamba sharti lililowekwa halijatimia na malipo yasubiri. Huyo meneja mauzo ndiye atakayeumia kuliko wote, maana ameshasimama mbele ya vijana wake. Mtafute kwa simu dakika chache kabla barua haijatoka, mwambie kwa heshima, umpe nafasi awaambie watu wake yeye kwanza. Atakasirika. Lakini hasira ya mtu aliyeambiwa mapema huisha haraka kuliko ya mtu aliyeumbuliwa kwenye barua ya watu saba.

"Kisichobadilika" huachwa na wengi, na ni kosa. Mtu akisikia jumla ina makosa anashuku kila kitu kilichomo. Mkuu wa Bukoba ataanza kuhesabu upya milioni 46.3 zake, na mhasibu mkuu atawaza juu ya return ya VAT inayotakiwa kuwasilishwa ifikapo tarehe 20. Sentensi mbili zinawaokoa wote na kazi ya bure. Ila andika tu ulichokithibitisha. Kama hujalinganisha duka la Katoro na ripoti zake za Z, usiseme ni sahihi.

Sababu ipewe sentensi moja, na iwe ya kweli. "Kumejitokeza hitilafu ya mfumo" ni maneno ambayo mkaguzi akiyasoma anataka kuuona huo mfumo. Pia usieleze kwamba ulikuwa umechoka, au kwamba jedwali lilitengenezwa na mtu aliyeondoka mwaka jana, hata kama ni kweli. Anayesoma anataka kujua mambo mawili: kosa lilikuwa la aina gani, ili aone kama linaweza kuwa kwenye ripoti nyingine, na umejuaje kwamba namba mpya ni ya kuaminika. Hapa utalazimika kufungua ripoti za Januari na Februari. Kama zimetumia jedwali hilohilo, Geita huenda imehesabiwa mara mbili huko pia, na ile 168,000,000 ya Februari si ya kutegemea. Fanya hivyo kabla ya kutuma. Ukikuta kosa, miezi yote iingie kwenye barua hii moja na asilimia ya ukuaji ikokotolewe upya.

Samahani moja inatosha, na ikae mwisho. Sisi tuna desturi ya kuanza kwa kuomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza au utakaojitokeza, aya nzima, mpaka msomaji anafika kwenye namba ameshachoka na bado hajui kumetokea nini. Adabu yako ataiona kwenye salamu, na zaidi kwenye kazi uliyompunguzia. Na kuhusu kujiharibia: nimekaa upande wa wanaopokea barua za namna hii miaka mingi, na aliyeleta kosa lake akiwa na namba mkononi hakumbukwi kwa lile kosa. Anayekumbukwa ni yule ambaye kosa lake liligunduliwa na benki.

Mambo machache ya kiufundi wakati wa kutuma. Fungua barua ya jana kwenye zilizotumwa ubonyeze kujibu wote, ili isimkose hata mmoja aliyeipata ya kwanza, kisha ubadilishe kichwa. Ukijibu hivyo, kiambatisho cha zamani hakifuati, na ndivyo tunavyotaka. Ukitumia Forward kinafuata. Maandishi ya jana yatajitokeza chini ya barua mpya yakiwa na 214,300,000 ndani yake, kwa hiyo yafute. Faili lipe jina jipya. Ukiacha lilelile, simu ya mtu italihifadhi kama Mauzo_Machi (1).xlsx, na baada ya wiki moja hakuna atakayejua hiyo (1) ndiyo nzuri au ndiyo mbovu.

Benki ni jambo la mkurugenzi. Usiwaandikie wewe, hata kama anwani unayo, isipokuwa akuagize. Lakini usimwachie ukurasa mtupu. Mwandalie aya fupi anayoweza kuituma kama ilivyo:

> Ripoti ya mauzo ya Machi tuliyowatumia ilikuwa na kosa la kujumlisha. Mauzo sahihi ni Sh 176,500,000, si Sh 214,300,000. Mauzo ya kila duka hayajabadilika. Tunaambatisha ripoti sahihi. Tafadhali itumike badala ya ile ya kwanza.

Humo hamna habari za bonasi wala lengo la ndani, kwa sababu hazihusu benki. Kinachobadilika kwao huenda ni kingine kabisa. Kama mkataba wenu wa mkopo au overdrafti una sharti la kiwango cha mauzo cha kila mwezi, mhasibu mkuu aangalie kama milioni 176.5 bado iko juu ya kiwango hicho, na aya hiyo iongezewe sentensi moja inayosema ndiyo au hapana. Afisa wa mkopo atalitafuta hilo hilo kwanza.

Barua ikishatoka, usidhani kazi imekwisha. Pata jibu la maneno, hata "nimeona", kutoka kwa watu wawili: mkurugenzi na meneja mauzo. Hao ndio wameshaitumia namba ya jana. Wengine wasipojibu haidhuru. Kama ripoti ilipelekwa kwenye grupu la WhatsApp, andika humo mstari mmoja, "Mauzo ya Machi ni Sh 176,500,000; ile ya jana ya 214,300,000 ina kosa, tazameni barua pepe," bila mjadala. Kisha sikiliza kwa wiki moja au mbili. Ukiona mtu anataja asilimia 27 au "zile milioni mia mbili na kumi", ujue nakala ya zamani bado inatembea, umtumie yeye peke yake barua ya masahihisho.

Faili la jana usilifute. Libadilishe jina liwe Mauzo_Machi_LENYE_KOSA_LISITUMIKE.xlsx, ulihifadhi pamoja na barua zote mbili kwenye folda ya Machi, kwa sababu mkaguzi akikuta benki ina 214.3 na ninyi mna 176.5 atataka kuona njia iliyopitiwa. Na kwenye ripoti ya Aprili, pale safu ya Machi itakapokaa kando kwa kulinganisha, weka tanbihi fupi chini ya 176,500,000: imerekebishwa, badala ya 214,300,000 iliyotumwa awali.